Uzi: Barua pepe ya Kiingereza ya kulalamikia kifurushi kilichochelewa, mwalimu kairudisha imejaa wino mwekundu

Karatasi_Nyeupe

Wakuu, wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu.

Nasoma Kiingereza daraja la kati. Tulipewa zoezi hili: uliagiza kitu mtandaoni, hakijafika. Andika barua pepe rasmi ya malalamiko, maneno 120 mpaka 150. Eleza uliagiza nini na lini, eleza tatizo na hatua ulizochukua, kisha sema unataka nini. Tuliambiwa tujifanye leo ni tarehe 24 Machi, na kwamba duka liliahidi kuleta ndani ya siku tano za kazi.

Niliandika hii:

```
Subject: COMPLAIN!!!

Dear Sir/Madam,

I hope this email finds you well. I want to make a
complain about my parcel. I have ordered drawing pens
on 3 March and you promised that it will arrive in five
days. The parcel delayed and until now I didn't receive
it. I am waiting since two weeks.

Although I called you on 14 March, but nobody helped me.
You people are not serious and you have spoiled my
course. I am very disappointing.

I request you to send my parcel until Friday or return
my money and add compensation. Please reply fast.

I look forward to hear from you.

Yours sincerely,
```

Imerudi nyekundu kila mahali, na chini kumeandikwa sentensi moja tu: "Rudia. Unafikiri kwa Kiswahili." Sasa mimi ni Mswahili, nitafikiri kwa lugha gani? Nisaidieni kujua nimekosea wapi. Sitaki mtu aniandikie upya, nataka kuelewa.

Mbio_za_Sakafuni

Rahisi tu hiyo, dada. Kosa lako ni nyakati. Shika kanuni moja: ukiona -me- kwenye Kiswahili chako andika "have", ukiona -li- andika kitenzi cha wakati uliopita. Basi. Mimi imenivusha mitihani yote.

La pili, Kiingereza rasmi kinapenda kauli ya kutendwa. Usiseme "I want to complain", sema "It is complained by me". Inasikika kiofisi.

Kobe_wa_Jana

Pole sana ndugu. Na mimi yamenikuta hayo hayo, kifurushi changu kina mwezi na siku kadhaa hakijulikani kiliko. Usikubali kuzungushwa. Je, walikupa namba ya kufuatilia mzigo? Mimi ya kwangu inasema "In transit" tangu mwezi uliopita. Ukifanikiwa kurudishiwa hela nitonye ulipita njia gani.

Karatasi_Nyeupe

Kaka Kobe, pole, ila mimi sina kifurushi chochote. Ni zoezi la darasani tu 😅

Kobe_wa_Jana

Aaah. Nilisoma kwa haraka. Basi nakaa hapa hapa, huenda barua yako ikanifaa mimi.

Fundi_Vitenzi

Karatasi, mwalimu wako hajakosea, ila amekunyima maelezo. Nimefundisha madarasa ya jioni kwa miaka mingi, na barua hii ya kifurushi naijua kama njia ya kwenda kisimani. Makosa yako mengi yana baba mmoja: kila sentensi uliitunga vizuri kabisa kwa Kiswahili, kisha ukabadilisha neno moja moja. Nitapita machache tu, yale yenye kufundisha.

Naanza na kanuni ya Mbio, kwa sababu nusu yake ni kweli na nusu hiyo ndiyo inayopoteza watu. Kiswahili hakioni tabu kusema "amefika jana" au "nimeagiza tarehe tatu". Wengine wangependa "niliagiza", lakini "nimeagiza juzi" tunaisikia kila siku na hakuna anayeshtuka. Kiingereza kinashtuka. Ukishasema jambo lilitokea lini, kwa tarehe, saa, "jana" au "wiki iliyopita", mlango wa "have" umefungwa. Kwa hiyo "I have ordered on 3 March" haiwezekani, inakuwa "I ordered on 3 March". Usiangalie -me- wala -li-. Angalia kama umetaja siku jambo lilipotokea.

Na kuna -me- ya aina nyingine kabisa. "Amelala" maana yake yuko usingizini sasa hivi. "Nimechoka" ni hali niliyo nayo. Vivyo hivyo "kifurushi kimechelewa" ni hali ya kifurushi sasa: "The parcel is late". Hapo "have" haihitajiki hata kidogo. Mtu akifuata kanuni ya Mbio kwenye "nimechoka" ataandika "I have tired", na nimeyasahihisha hayo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Mbio_za_Sakafuni

Sawa mwalimu, lakini si nimesema inanivusha? Mara nyingi inakubali.

Fundi_Vitenzi

Mara nyingi inakubali, ndiyo. Ila barua ya malalamiko imejaa tarehe kuliko maandishi mengine yoyote ya daraja hili, kwa hiyo ndipo inapokataa zaidi.

Sasa "The parcel delayed". Hili ni letu sote, hata wasomi wakubwa wanalo. Sisi tuna "kuchelewa" na "kuchelewesha", maneno mawili tofauti. "Delay" ya Waingereza iko upande wa kuchelewesha. Ukiandika "The parcel delayed", msomaji anasubiri: kifurushi kilichelewesha nini? Dawa yake nzuri ni hii: kabla ya kuandika "delay", sema sentensi yako kwa Kiswahili ukitumia "kuchelewesha". Ikilazimu kuwa "kimecheleweshwa", basi na Kiingereza ni "has been delayed". Au ikimbie kabisa na uandike "is two weeks late".

La tatu ni "you promised that it will arrive". Kiswahili kinaacha -ta- ilivyo: "mliahidi kwamba kitafika". Hata ahadi ikiwa ya mwaka juzi, bado tunasema "kitafika". Kiingereza kikiwa kinasimulia ahadi ya zamani kinairudisha nyuma hatua moja: "you promised that it would arrive". Kwenye barua hii ina faida ya ziada, maana "would" inamwambia msomaji kwamba muda wa ahadi umeshapita. "Will" inamwacha akidhani bado kuna matumaini.

La nne, "Although... but". Kwetu "ingawa nilipiga simu, lakini hakuna aliyenisaidia" ni sentensi yenye heshima zake. Kwao, kimojawapo kinatosha. Chagua "although" au chagua "but".

Dada_wa_Dawati

Mimi si mwalimu. Kazi yangu ni kujibu barua pepe za wateja, zikiwemo hizi hizi za mizigo iliyochelewa, na nyingi zinakuja kwa Kiingereza. Naomba niseme upande wa anayeipokea.

Mdogo wangu, sarufi yako ningeisamehe. Ila barua yako nisingeweza kuishughulikia. Hakuna namba ya oda. Nikiifungua, macho yangu yanatafuta vitu vitatu: oda ipi, ilitakiwa kufika lini, na mteja anataka nini. Vikiwepo, nafungua mfumo, naingiza namba, najua hali yake papo hapo. Visipokuwepo, namjibu mteja kumwomba namba, yeye anajibu kesho yake amekasirika zaidi, na tayari tumepoteza siku mbili. Nani kachelewesha hapo?

Kichwa "COMPLAIN!!!" hakinisaidii chochote. Nina malalamiko mia, yote ni malalamiko. Andika namba ya oda na tatizo: "Order 48213 – parcel not received". Siku ukiandika tena kufuatilia, utajibu kwenye barua ile ile, na mwenzangu wa zamu nyingine ataipata kwa kutafuta namba hiyo.

Halafu "You people are not serious". Ukweli ni kwamba aliyechelewesha si mimi, ni mtu wa ghala au msafirishaji. Sentensi hiyo hainitishi wala hainihuzunishi, ila inakula maneno ambayo ungeweka jambo la kunifanya nichukue hatua.

Fundi_Vitenzi

Dada wa Dawati umenipunguzia kazi. Na pia "complain" ni kulalamika, "complaint" yenye t mwishoni ni lalamiko. "I want to make a complain" ni kama kusema "nataka kutoa lalamika".

Mbio_za_Sakafuni

Na kauli ya kutendwa je? Hiyo hamjaigusa.

Fundi_Vitenzi

"It is complained by me" hakuna Mwingereza aliyewahi kuiandika, Mbio. Mlalamikaji ni wewe, jitaje: "I am writing to complain about". Lakini kuna mahali kauli hiyo inakaa kama imezaliwa pale, na Karatasi hakuitumia. Alipopiga simu tarehe 14 hamjui aliyempokea. Kwa hiyo: "I was told that it would reach me within two days." Anayelaumiwa hatajwi, maneno aliyopewa yanabaki kwenye kumbukumbu. Tena ona hiyo "would" imerudi.

Karatasi_Nyeupe

Lakini mwalimu, kwenye barua yangu sikusema waliniambia nini. Niliandika "nobody helped me".

Fundi_Vitenzi

Ndiyo, na hapo umepoteza alama za kile kipande cha "hatua ulizochukua". "Hakuna aliyenisaidia" ni hukumu. "Niliambiwa kitafika ndani ya siku mbili" ni tukio, na hukumu msomaji anaitoa mwenyewe akitazama tarehe. Hii ni barua ya kubuni, una uhuru wa kubuni jibu la simu. Libuni.

Tuingie kwenye hesabu, maana kuna kosa lako ambalo si la lugha. Umeandika "I am waiting since two weeks". Hebu tuhesabu. Uliagiza tarehe 3 Machi. Siku tano za kazi zinaishia tarehe 10, kwa mwaka ambao tarehe 3 ni Jumatatu. Leo ni tarehe 24. Je, umengoja muda gani?

Karatasi_Nyeupe

Tangu kuagiza ni wiki tatu. Tangu siku waliyoahidi ni wiki mbili.

Fundi_Vitenzi

Naam. Umengoja wiki tatu, kifurushi kimechelewa wiki mbili. Ukichanganya, dawati wanakujibu kwamba wiki ya kwanza haikuwa ya kuchelewa, na wanakuwa na haki. "I have been waiting for three weeks" ni sahihi, na "The parcel is two weeks late" ni sahihi. "Since" inataka mahali muda ulipoanzia: "since 3 March". "For" inataka urefu wake: "for three weeks". Kiswahili kinatuponza hapa kwa sababu "nangoja tangu wiki mbili zilizopita" ni sentensi nzuri kabisa, na "nangoja" ni ya sasa. Kiingereza kinataka kitenzi kinachounganisha jana na leo, ndiyo maana "have been waiting".

Kuna pia "in five days". Hiyo inaeleweka kama baada ya siku tano. Ahadi ilikuwa ndani ya siku tano, "within five working days". Neno "working" lisiachwe, hesabu nzima imekaa juu yake.

Msomaji_Kimya

Samahani kuingilia. Mimi najiandaa na IELTS, na kuna barua kama hii. Nianze na anwani yangu juu, kulia? Vitabu vya zamani vya shule vinaonyesha hivyo.

Fundi_Vitenzi

Barua iko kwenye IELTS ya General Training, kazi ya kwanza. Ya Academic haina barua. Swali lenyewe hukuambia huna haja ya kuandika anwani yoyote, na mara nyingi hukupa salamu ya kuanzia. Wanataka maneno yasiyopungua 150, na wanashauri utumie kama dakika 20. Kwa hiyo barua ya Karatasi, hata ikinyooka, kwako itakuwa fupi. Na hii yake ni barua pepe, anwani haina mahali pa kukaa.

Msomaji_Kimya

Asante mwalimu. Narudi kimya.

Dada_wa_Dawati

Nimesahau moja. Aya ya maombi. "Send my parcel or return my money and add compensation." Umeomba mambo matatu kwa pumzi moja, na mimi sijui lipi ndilo unalolitaka. Ukiniachia nichague, nitachagua linalonipunguzia kazi. Sema unachotaka kwanza, na tarehe. Kisha sema kisipowezekana unataka nini.

Na fidia: sababu hukuitaja, kiasi hukukitaja. Fidia ya hewani inajibiwa "tunasikitika" na inaishia hapo.

Mbio_za_Sakafuni

Hapo napingana na wewe dada. Kwenye malalamiko unaomba vingi ili upewe kimoja. Hata sokoni hatuanzi na bei tunayoitaka.

Dada_wa_Dawati

Sokoni muuzaji yuko mbele yako, mnajibizana. Kwenye barua pepe kila jibizano ni siku nzima.

Mbio_za_Sakafuni

Bado sijakubali. Mtu akiomba kidogo anapewa kidogo.

Fundi_Vitenzi

Mkimaliza kupatana bei mtuambie 😀 Kwa zoezi hili, fidia haikuombwa na swali, na maneno ni 150 tu. Ningeiacha. Mwingine angeiweka kwa sentensi moja na asingekosea.

Lugha ya ombi lenyewe: "I request you to send" ni "naomba unitumie" iliyovaa suti. Haijavunja sarufi, ila kwao inasikika kama hati ya wito. Wanachotumia ni "I would be grateful if you could". Angalia tahajia, ni "grateful", wengi wanaandika "greatful" kwa kudhani inatokana na "great".

Na "until Friday" ndiyo iliyonichekesha, usinichukie. Kwetu "mpaka Ijumaa" inafanya kazi mbili. "Nitakaa mpaka Ijumaa" ni muda mrefu unaoendelea. "Niletee mpaka Ijumaa" ni mwisho wa kusubiri, yaani kufikia Ijumaa. Kiingereza kina "until" kwa ya kwanza na "by" kwa ya pili. Ulivyoandika, unawataka wawe wanatuma na kutuma, bila kupumzika, ikifika Ijumaa waache. Jaribu kuweka "kufikia" mahali pa "mpaka". Sentensi ikikubali, andika "by".

Kobe_wa_Jana

Mwalimu, hapo kwenye kutuma bila kupumzika ningefurahi sana, wangu wangeanza hata na kimoja.

Karatasi_Nyeupe

Nimecheka mpaka nimekaa. Na "Please reply fast"? Na "I look forward to hear"?

Fundi_Vitenzi

"Please reply fast" ni amri yenye tabasamu. Ukishaweka tarehe huihitaji. Na baada ya "look forward to" kitenzi huvaa -ing: "to hearing". Hiyo "to" si ile ya "kusikia". Ni kama ya "kuelekea". Ndiyo maana unaweza kusema "I look forward to your reply", jina likikaa pale pale. Hili ni la kukariri tu, hakuna mlango wa Kiswahili wa kulifikia.

"Disappointing" ni anayewavunja wengine moyo. Wewe umevunjwa moyo: "disappointed". Umejitukana bila kujua.

"I hope this email finds you well" haina kosa la sarufi. Lakini unamtakia heri mtu, kisha sentensi inayofuata unamshtaki. Futa, utapata nafasi ya namba ya oda.

Karatasi_Nyeupe

Nimekaa nayo usiku kucha. Aya ya kalamu na kozi nilihangaika nayo sana, mwisho nikaamua kusema tu kilichotokea, bila "spoiled". Hii hapa:

```
Subject: Order 48213 – parcel not received

Dear Sir or Madam,

I am writing to complain about a set of drawing pens
which I ordered from your website on 3 March, order
number 48213.

Your confirmation email stated that the parcel would be
delivered within five working days, that is, by 10 March.
It is now 24 March and it still has not arrived. I
telephoned your office on 14 March and was told that it
would reach me within two days. However, I have heard
nothing since then.

I needed the pens for a course which began on 17 March,
and I have had to borrow a classmate's.

I would be grateful if you could deliver the parcel by
28 March. If this is not possible, please refund the
full amount.

I have attached a copy of my receipt.

I look forward to hearing from you.

Yours faithfully,
```

Nimehesabu 142 kuanzia salamu mpaka mwisho, bila kichwa. Jina nitaweka chini.

Fundi_Vitenzi

Hii ningeipokea kwa mikono miwili. Nisifu mambo mawili kwa sauti. "It still has not arrived": hiyo ndiyo "hakijafika" yetu. Hapa Kiswahili na Kiingereza vinashikana mikono kweli, maana -ja- ya kukanusha inakwenda moja kwa moja kwenye "has not" pamoja na "still" au "yet". Kwa hiyo unaona, kufikiri kwa Kiswahili si dhambi, ni kujua daraja lipi linabeba na lipi limeoza. Na "since then" umeitumia kwa mahali muda ulipoanzia, yaani ile simu ya tarehe 14.

Kwenye kufunga, "Dear Sir or Madam" inakwenda na "Yours faithfully", na ukimtaja mtu kwa jina inakuwa "Yours sincerely". Hiyo ni desturi ya Kiingereza cha Uingereza. Wamarekani wao wanaandika "Sincerely" na hawajali sana mgawanyo huo.

Dada_wa_Dawati

Mimi kwa mwezi naona "Yours faithfully" mara chache mno. Watu wanaandika "Dear Customer Service Team" na wanafunga na "Kind regards". "Sir or Madam" inanukia kabati la zamani.

Fundi_Vitenzi

Inanukia, lakini msahihishaji wa darasani huenda anaipenda harufu hiyo. Karatasi, kitabu chenu cha darasa kinaonyesha ipi?

Karatasi_Nyeupe

Mwanzo wa kitabu kina "Dear Sir or Madam". Sura ya barua pepe kina "Dear Customer Service Team". Mwalimu hajasema.

Dada_wa_Dawati

Basi hata kitabu hakijaamua 😂 Swali langu moja: kwa nini umeweka tarehe 28? Siku nne kwa mzigo ambao hata hujui uko wapi?

Karatasi_Nyeupe

Tarehe 28 ni Ijumaa, ile niliyoitaka mwanzo. Niongeze?

Dada_wa_Dawati

Mimi ningeongeza. Mbio atasema upunguze.

Mbio_za_Sakafuni

Ningepunguza, ndiyo.

Kobe_wa_Jana

Wakuu, nimerudi na taarifa. Jana usiku nilichukua barua ya Karatasi, nikabadilisha kalamu nikaweka mzigo wangu, nikabadilisha tarehe, nikaituma kwa hao walionizungusha. Leo asubuhi wamejibu! Mara ya kwanza ndani ya mwezi mzima.

Wanasema oda namba 48213 haipo kwenye mfumo wao.

Dada_wa_Dawati

Kobe jamani.